Nguo ya Merikani na Ukuta wa Ushuru

Wazee wa Maniema na wa kando ya ziwa Tanganyika wanalijua jina la merikani. Ni ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nene, ngumu, inayodumu. Zamani za misafara nguo hiyo ilishika nafasi ya fedha. Watu walihesabu kwa shuka, yaani yadi 2. Shuka mbili zilifanya doti moja. Na jora zima lilikuwa na yadi 30 hivi. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 ili aende kumtafuta Livingstone, aliwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu chakula cha watu 100 kwa siku moja kinagharimu nini. Walimjibu kwa nguo: doti 10. Basi akanunua merikani kwa maelfu ya yadi, na wapagazi wakaibeba vichwani mpaka Ujiji.

Jina lenyewe linatuambia nguo hiyo ilitoka wapi: Amerika. Hapo ndipo tunapotaka kumsimamisha msomaji kidogo. Bara Hindi ni jirani wa pwani yetu. Merikebu zake zilikuja Unguja na Mombasa kila mwaka kwa upepo wa kaskazi, zikileta nguo za pamba, na desturi hiyo ilikuwa ya karne nyingi. Wahindi walikuwa mafundi wa pamba mbele ya mataifa yote. Imekuwaje basi nguo ya watu wa mbali, waliozunguka rasi ya Afrika ya Kusini ili kutufikia, ikaishinda nguo ya jirani? Sababu ni nyingi, lakini moja kubwa ni sheria iliyotiwa sahihi katika mji wa Washington tarehe 27 Aprili 1816, na sheria hiyo inafaa kuchunguzwa na kila mtu anayesikia leo serikali fulani ikisema: tutafunga mlango kwa mali ya kigeni ili viwanda vyetu vikue.

Tuanze na hali ya Amerika ya siku zile. Kuanzia mwisho wa mwaka 1807 Rais Jefferson aliwakataza Wamerikani wasisafirishe mali kwenda nchi za kigeni, kwa ajili ya ugomvi na Waingereza na Wafaransa. Kisha mwaka 1812 vita na Uingereza vikaanza. Nguo za Ulaya zikawa haba. Mwenye kusokota uzi au kufuma nguo katika Amerika alipata wanunuzi bila shida, hata kama kazi yake ilikuwa mbaya. Viwanda vidogo vikaota kama uyoga, hasa katika jimbo la Rhode Island.

Wakati huo bwana mmoja wa Boston, jina lake Francis Cabot Lowell, alikuwa amerudi kutoka Uingereza. Alikaa huko tangu 1810 mpaka 1812, akatembelea viwanda vya pamba na kuitazama mitambo ya kufumia inayoendeshwa na maji. Waingereza walikuwa na sheria kali: mashini za kusokota na kufuma haziruhusiwi kutoka nchini, wala mafundi wake hawaruhusiwi kuhamia ng'ambo. (Tunaona kwamba nao walikuwa na ukuta wao, ila wao waliujenga kuzuia vitu visitoke.) Lakini hakuna mtumishi wa forodha awezaye kupekua kichwa cha mtu. Lowell aliyoyaona aliyaweka moyoni, na aliporudi alimtafuta fundi hodari, Paul Moody, wakajaribu mpaka mtambo ukafanya kazi. Mwaka 1814 kiwanda chao cha Waltham, karibu na Boston, kiliweza kupokea pamba ghafi kwa mlango mmoja na kutoa nguo iliyokwisha kufumwa kwa mlango mwingine. Nguo yenyewe ilikuwa ya namna moja tu: nzito, nyeupe, isiyo na mapambo. Mashini ile changa haikuweza kufuma nguo laini, na wasichana wa mashambani walioajiriwa waliweza kujifunza kazi hiyo upesi.

Mwaka 1815 amani ikarudi, na pamoja na amani merikebu za Waingereza. Maghala yao yalikuwa yamejaa mali ya miaka mingi isiyouzwa. Wakaileta New York na kuinadi kwa bei yoyote. Vile viwanda vidogo vilivyoota wakati wa vita vikanyauka, vingi vikafungwa. Mabwana wa Rhode Island wakapiga kelele wakitaka ushuru mkubwa sana. Lowell naye akaenda Washington, lakini alikuja na shauri la ujanja zaidi.

Msomaji aelewe kwanza namna ushuru unavyotozwa. Njia moja ni kutoza kwa kadiri ya bei: ukileta nguo ya franka 100 na ushuru ni 25 kwa mia, unalipa 25. Njia hii ina ugonjwa wake wa tangu zamani. Mfanyabiashara anaandika katika hati yake kwamba nguo imemgharimu 60, na mtumishi wa forodha hana njia rahisi ya kujua kama ni kweli. Tena, mali ikiwa rahisi mno, 25 kwa mia yake ni kitu kidogo, na hiyo mali rahisi ndiyo inayomtisha mwenye kiwanda.

Shauri la Lowell lilitibu magonjwa hayo mawili kwa dawa moja. Sheria ya 1816 iliweka ushuru wa 25 kwa mia juu ya nguo za pamba, jambo ambalo halikuonekana la kutisha. Lakini ikaongeza kifungu kifupi: nguo yoyote ya pamba iliyonunuliwa ng'ambo kwa bei iliyo chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba itahesabiwa kana kwamba imegharimu senti 25. Ndiyo kusema, hakuna nguo itakayolipa chini ya senti 6 na robo kwa yadi, hata kama ilinunuliwa kwa bei ya bure.

Tufanye hesabu. Nguo nzuri ya Kiingereza iliyonunuliwa kwa senti 50 ililipa senti 12 na nusu, ndiyo 25 kwa mia kama sheria inavyosema. Nguo ya senti 25 ililipa senti 6 na robo, nayo ni 25 kwa mia. Sasa tuchukue nguo ya Kihindi ya watu maskini, na tuseme ilinunuliwa Kalkuta kwa senti 8. Nayo ililipa senti 6 na robo ile ile. Hiyo si 25 kwa mia tena. Ni 78 kwa mia. Na kama ingenunuliwa kwa senti 6 na robo, ingelipa ushuru ulio sawa na bei yake nzima. Kwa hiyo sheria iliyosomeka kana kwamba ni ya haki kwa wote ilimpita tajiri taratibu na kumkaba maskini. Mwenye kuvaa nguo laini alilipa robo. Mwenye kuvaa nguo ngumu alilipa mara mbili hata mara tatu ya hiyo kadiri. Hatudhani kwamba wabunge wote walifanya hesabu hiyo kabla ya kuipigia kura. Lowell aliifanya, maana nguo ngumu ndiyo aliyofuma yeye.

Nani basi walipata faida?

Wa kwanza ni kampuni ya Waltham, na kampuni nyingine ambazo wenzake walizianzisha baadaye katika mji mpya uliopewa jina lake. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1817. Mabwana wa Rhode Island hawakupata walichotaka, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakifumisha kwa mikono, na ushuru wa senti 6 na robo haukutosha kuwaokoa. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: ukuta haumlindi kila aliye ndani kwa kipimo kimoja. Unamfaa kuliko wote yule aliyeupima kwa kimo chake mwenyewe.

Wa pili ni serikali, iliyopokea ushuru wa mali iliyoendelea kuingia. Lakini hapa pana jambo ambalo lazima tulieleze polepole, maana ndilo kiini cha habari yote. Nguo ya kigeni inapolipa senti 6 na robo bandarini, fedha hiyo inaingia katika sanduku la serikali, imeandikwa, na mbunge anaweza kuuliza imetumiwaje. Lakini nguo ya kigeni ikipanda bei, mwenye kiwanda wa nchini anaweza kupandisha ya kwake karibu kadiri hiyo hiyo, na bado atauza. Mama anayenunua nguo ya nchini analipa nyongeza pia, ila nyongeza hiyo haipiti forodhani. Inatoka mkononi mwake na kwenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanda. Hakuna risiti, hakuna daftari, na mama mwenyewe hajui kwamba amelipa ushuru. Kadiri ukuta unavyofaulu kufukuza mali ya kigeni, ndivyo serikali inavyopata kidogo na ndivyo ushuru huo usioandikwa unavyozidi. Ukuta ukifaulu kabisa, serikali haipati kitu, na nyongeza yote ni ya kiwanda.

Waliolipa, basi, ni wanunuzi wa nguo ngumu: wakulima, vibarua, mabaharia. Kila mmoja alilipa senti chache tu kwa yadi, na hii ndiyo sababu hawakufunga safari kwenda Washington. Ambaye atapata maelfu anapanda gari la farasi na kwenda kuzungumza na wabunge. Ambaye atapoteza dola moja kwa mwaka anabaki shambani. Walilipa pia wafanyabiashara wa bandari kama Salem, ambao merikebu zao zilikuwa zikienda Kalkuta kununua nguo. Na walilipa wafumaji wa Bara Hindi, ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja katika Washington. Hao walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango wa Uingereza: sheria ya 1700 iliwakataza Waingereza wasivae nguo za pamba za rangi kutoka Hindi, na ile ya 1721 ikakaza zaidi, ili kuwalinda wafumaji wa sufu na hariri.

Lakini tusimlaumu Lowell kabla ya kumaliza hesabu, maana upo upande wa pili. Mwenzake mmoja, Nathan Appleton, aliacha maandishi ya bei za nguo ya Waltham. Mwaka 1816 yadi moja iliuzwa senti 30. Mwaka 1819 ilikuwa senti 21. Mwaka 1826, senti 13. Mwaka 1829, senti 8 na nusu. Mwaka 1843, senti 6 na nusu. Pamba ghafi ilishuka bei nayo, kweli, lakini mashini zilikuwa bora zaidi na mafundi wamezoea, na kampuni za nchini zilikuwa zikishindana zenyewe kwa zenyewe. Huo ndio utetezi wenye nguvu kuliko wote wa ukuta: mtoto anabebwa mgongoni ili siku moja atembee, na huyu alitembea.

Wataalamu wa historia ya uchumi wanabishana mpaka leo kama angetembea bila kubebwa. Bwana Taussig, mwalimu wa Harvard, aliandika mwaka 1888 kwamba ulinzi ulifaa mwanzoni, na kisha haukuhitajika tena kwa nguo ngumu. Mwaka 1984 Mark Bils alijaribu kuonyesha kwamba bila ushuru sehemu kubwa ya viwanda hivyo ingekufa hata katika miaka ya 1830. Mwaka 2001 Irwin na Temin wakajibu kwamba la, kwa kuwa nguo ya Kimerikani na nguo ya Kiingereza zilikuwa za namna mbili, na Mwingereza hangeweza kuipokonya Waltham soko lake. Sisi tunaona kwamba ushahidi mmoja mzuri haukutoka Boston wala Manchester. Ulitoka Unguja.

Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Amerika, alifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja. Mali ya Wamerikani ikiteremshwa Unguja ingelipa 5 kwa mia, basi. Watu wa Salem, ambao biashara yao ya nguo za Kalkuta ilikuwa imebanwa, walikuwa wamekwisha kuanza kuja pwani yetu kutafuta pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sasa walileta nguo za viwanda vya Massachusetts. Pale Unguja hapakuwa na ukuta wa kumlinda Mmerikani. Nguo ya Hindi ilikuwa kando yake katika duka lile lile, imesafiri njia fupi zaidi. Na watu wa bara walichagua merikani, kwa sababu ilikuwa nzito, haichakai upesi na haikujazwa chokaa na uji wa kuifanya ionekane nene. Katika miaka ya 1840 na 1850 hakuna nguo iliyoipita katika njia za misafara.

Hapo tunapata kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia, hata asiyejua hesabu kubwa. Kiwanda kinapouza mali yake katika nchi ya kigeni, kwa ushuru mdogo unaowahusu wote, na kikashinda, mtoto huyo amekua. Mgongoni hana kazi tena. Sasa tutazame ukuta wa nyumbani ulikuwaje wakati huo. Mwaka 1824 bunge lilipandisha ile bei ya kuhesabia kutoka senti 25 mpaka 30. Mwaka 1828 ikawa senti 35. Ushuru wa chini kabisa ukafika senti 8 na robo tatu kwa yadi. Nguo ya Waltham yenyewe mwaka 1829 iliuzwa, kama tulivyosema, senti 8 na nusu. Ushuru umezidi bei ya nguo! Mtoto amekua ndevu na bado anaongezewa mbeleko.

Sababu yake si ngumu kuitambua. Siku ya kuomba ukuta, mwenye kiwanda huwa ni mnyonge mwenye deni, na ana maneno ya huruma. Miaka 10 baadaye ni tajiri, ana marafiki bungeni, na wafanyakazi wake elfu kadhaa wanatajwa kila neno la kupunguza ushuru linaposemwa. Huo ukuta unajipatia walinzi wake wenyewe.

Na wafanyakazi hao walipata nini? Wasichana wa mji wa Lowell walilala katika nyumba za kampuni na kufanya kazi kiasi cha saa 12 au zaidi kwa siku. Mwaka 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara, nao wakatoka kazini kwa mgomo; mwaka 1836 walitoka tena, safari hii kwa sababu walipandishiwa malipo ya chakula na malazi. Ushuru ulikuwa juu kuliko ulivyokuwa mwaka 1816, lakini ushuru unalinda bei ya nguo. Hauna kifungu kinachosema ile nyongeza igawanywe vipi kati ya bwana na mfanyakazi. Hilo ni neno jingine, na wasichana wale walilazimika kulipigania wenyewe.

Upande wa kusini wa Amerika hasira ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1816 John Calhoun wa South Carolina alikuwa mmoja wa waliosimama kuutetea ushuru, akidhani kwamba nchi nzima itafaidika na kwamba viwanda vitanunua pamba ya kwao. Mwaka 1828, ushuru wa bidhaa nyingi ulipopandishwa sana, aligeuka kuwa adui yake mkubwa. Watu wa kusini waliuza pamba Uingereza na walitaka kununua vitu vya Kiingereza. Mwingereza asiyeweza kuuza Amerika, walisema, atapata wapi dola za kununua pamba yetu? George McDuffie, mbunge wa kwao, alihubiri kwamba katika kila marobota 100 ya pamba ushuru unakula 40. Hesabu yake ilipita kiasi, lakini wazo lake lilikuwa na ukweli ndani yake: ushuru juu ya vitu vinavyoingia unamwumiza mwishoni yule anayetoa vitu nje. Mwezi wa Novemba 1832 South Carolina ilitangaza kwamba sheria za ushuru si sheria kwake, na kulikuwa na hofu ya kumwaga damu mpaka mapatano ya 1833 yalipokubali kuushusha kidogo kidogo kwa muda wa miaka 9.

Lakini tukiwasikiliza mabwana hao wakilia, tukumbuke ni akina nani waliokuwa wakiichuma pamba yao. Walikuwa watumwa, watoto wa Afrika. Nguo ngumu na rahisi, ile iliyotozwa kuliko zote, ndiyo waliyovikwa watumwa. Bwana aliyelipa zaidi kwa nguo hizo aliweza kupunguza yadi za mtumwa. Katika kelele zote za bungeni juu ya nani analipa ushuru, huyo hakuitwa kutoa ushahidi. Na pamba yake ilisokotwa Massachusetts, ikarudi Afrika kama merikani, ikanunua pembe za ndovu kutoka katika misafara ambayo mara nyingine iliwafunga ndugu zake minyororo.

Biashara hiyo ilivunjika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika, tangu 1861 mpaka 1865. Pamba ya kusini haikufika viwandani, bei ikaruka, na merikani ikawa adimu Unguja. Waingereza, na baada yao viwanda vipya vya mashini vya Bombay, vikaingia mahali palipoachwa wazi. Jina la merikani likaendelea kukaa midomoni mwa watu hata nguo ilipokuwa imefumwa kwingine.

Kwa nchi yetu ya Kongo, njia aliyoipita Lowell ilifungwa mapema. Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885 ulisema kwamba mali inayoingia katika bonde la Kongo haitatozwa ushuru wa kuingia kabisa. Mwaka 1890, huko Brussels, mataifa yalikubali utozwe, lakini usipite 10 kwa mia, na sababu yake ilikuwa kuipa serikali ya Leopold fedha. Habari ya kulinda fundi yeyote wa Kongo haikuwamo. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain uliondoa kikomo hicho. Wafumaji wa raffia wa Kasai na wa Maniema walikutana na nguo za mashini bila kizuizi cha namna yoyote. Hatusemi kwamba ukuta ungewaokoa, maana ukuta bila mtambo wa kufumia ungewaongezea watu bei tu. Lakini swali lenyewe halikuwekwa mezani, na waliolijibu kwa niaba yao walikuwa Berlin.

Limebaki neno juu ya ukuta wa namna nyingine, ambao serikali hauita ushuru: kuweka kiasi. Badala ya kusema "lipa kisha ingia", serikali inasema "ziingie mashati kadhaa kwa mwaka, basi". Wamerikani walioisifu biashara huru baada ya vita vya 1939-1945 waliitumia njia hiyo kwa nguo. Mwaka 1957 waliwashawishi Wajapani wazuie wenyewe nguo wanazopeleka Amerika. Mwaka 1962 yakaja mapatano ya nguo za pamba kwa mataifa mengi, na mwaka 1974 mapatano makubwa yaliyogusa pia sufu na nyuzi za viwandani. Kila nchi maskini iliyojifunza kushona vizuri iliandikiwa kiasi chake.

Tofauti yake na ushuru iko mahali pamoja. Tuseme shati linagharimu franka 100 Hong Kong, na kwa kuwa yanaingia machache, Amerika linauzwa 130. Kama kizuizi kingekuwa ushuru wa franka 30, zile 30 zingeingia hazina ya Amerika. Kwa kuwa kizuizi ni kiasi, hakuna anayezitoza. Zinabaki kwa yule mwenye kibali cha kupeleka shati. Katika Hong Kong vibali hivyo vilikuwa mali kabisa: mwenye kiwanda cha zamani aliyepewa kibali kwa sababu alipeleka mashati mwaka uliopita aliweza kukikodisha au kukiuza kwa mwingine, na wengine walipata fedha zaidi kwa kuuza vibali kuliko kwa kushona. Mnunuzi wa Amerika alilipa ile nyongeza, kiwanda cha Amerika kikapata afueni kwa muda, na tofauti ikasafiri kwenda kwa mtu wa ng'ambo, yule yule ambaye sheria ilikusudia kumzuia. Tena mahali ambapo vibali vinagawanywa na mtumishi wa serikali, msomaji wetu anajua bila kuambiwa foleni inajipangaje mlangoni pake.

Viwanda vya Asia vilivyokosa vibali vilitafuta nchi ambayo kiasi chake hakijajaa. Wengine walihamisha cherehani zao mpaka Afrika, na hasa Lesotho, ambako maelfu ya akina mama walipata mshahara wa kwanza maishani mwao kwa kushona suruali za Wamerikani. Ukuta uliojengwa dhidi ya Hong Kong uliwapa kazi watu wa milima ya Lesotho, jambo ambalo hakuna mbunge wa Washington aliyelikusudia. Mapatano yalikwisha tarehe 1 Januari 2005, na viasi vikaondolewa. Mwanzoni mwa mwaka huo viwanda kadhaa vya Lesotho vilifungwa. Wafanyakazi waliporudi baada ya sikukuu za Noeli na mwaka mpya walikuta milango imefungwa, na wenye mali wamekwisha kuondoka.